Mwongozo wa Maabara Usio na Mwandishi

Mwanafunzi aliyepima protini kwa njia ya Bradford hutumia vyanzo vya aina tatu. Katika mtindo wa APA vyote huingia orodha moja, kwa alfabeti ya majina ya waandishi.

Kwenye makala ya Bradford ya 1976, kinacholazwa ni jina la jarida, *Analytical Biochemistry*, na namba ya juzuu, *72*. Kichwa cha makala hubaki wima, na kurasa 248–254 pia. Kwa kitabu cha kiada hulazwa jina la kitabu chenyewe. Toleo hukaa wima kwenye mabano.

Kinachosumbua kweli ni mwongozo wa maabara, kwani mara nyingi jalada halitaji mtu. Basi idara iliyoutoa ndiyo huandikwa kama mwandishi, ukifuata mwaka, kisha jina la mwongozo kwa herufi za kulala.