Tisa Imetoka Wapi? Vitalu Vinavyomwonyesha Mtoto Siri ya Kutoa

Mwandikie mtoto wa darasa la tatu hesabu hii: 304 − 158. Jibu moja ambalo walimu hulikuta mara nyingi kwenye madaftari ni 254. Mtoto aliyelipata hakubahatisha. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 8 toa 4 ni 4, 5 toa 0 ni 5, 3 toa 1 ni 2. Kutoa anajua. Kinachomkosesha ni kuiona 304 kama tarakimu tatu zilizokaa jirani, kila moja na mambo yake, badala ya kuiona kama kiasi kimoja.

Dawa iliyozoeleka ni kumpa kanuni: mamoja hayatoshi, kopa kwa jirani, jirani ni sufuri, basi nenda kwa anayefuata, 3 iwe 2, sufuri iwe 9, na 4 iwe 14. Mtoto msikivu ataishika na kupata vyema. Lakini muulize ile 9 imetoka wapi, kwani mahali pake palikuwa na sufuri, na mara nyingi hatakuwa na la kusema. Asiyejua ilikotoka, siku akisahau hatua moja hana pa kurejea.

Hapo ndipo vitalu vya kumi vinapofaa. Katika karne ya 20 vilienezwa sana na Zoltan Dienes, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, na hadi leo kuna wanaoviita kwa jina lake. Mchemraba mdogo wa sentimita 1 kila upande ni moja. Ufito wenye urefu wa michemraba 10 ni kumi. Bamba lenye upana wa fito 10 ni mia. Thamani ya kila kipande inaonekana kwa ukubwa wake: ukipanga fito 10 juu ya bamba, zinalifunika lote bila kubakiza nafasi. Kwenye abakasi sivyo. Huko shanga ya makumi inalingana na ya mamoja, na mtoto hana budi kukuamini tu kwamba ina thamani mara kumi.

Shule isiyo na vitalu vya kununua inaweza kuvikata kwenye maboksi magumu. Kama vidole ni vidogo, moja iwe mraba wa sentimita 2, kumi iwe ukanda wa sentimita 2 kwa 20, na mia iwe mraba wa sentimita 20 kwa 20. Chora mistari juu ya kanda na mraba mkubwa ili vile vijiraba 10 na 100 viendelee kuonekana. Kwa hesabu zisizozidi 999, mabamba 9, fito 20 na mamoja 20 yanamtosha mtoto mmoja.

Sasa turudi kwenye 304. Chora safu tatu kwenye karatasi kubwa: mamia, makumi, mamoja. Mtoto aweke mabamba 3 na mamoja 4, safu ya makumi ibaki tupu. Ile 158 asiiweke mezani. Ni sehemu ya kuondolewa kwenye 304, na akipanga namba zote mbili ataanza kujiuliza kama anajumlisha. Vitalu vilivyobaki vikae pembeni kwenye kisanduku cha kubadilishia.

Anatakiwa kuondoa mamoja 8, naye ana 4. Anahitaji ufito wa kubadilisha, lakini safu ya makumi haina kitu. Mwache aitazame meza kwa muda kabla ya kumsaidia. Kilichopo ni mabamba, kwa hiyo anapeleka bamba 1 kisandukuni na kurudi na fito 10. Sasa ana mabamba 2, fito 10 na mamoja 4. Hapo msimamishe umuulize: mezani kuna ngapi? Jibu ni 304 ileile, kwani amefanya kama mtu aliyevunja noti: pesa zimekuwa nyingi kwa idadi, thamani haijabadilika hata shilingi. Swali hili ndilo kiini cha somo zima, na linafaa kuulizwa kila baada ya badilisho, mpaka mtoto ajibu bila kuhesabu upya.

Kisha anachukua ufito 1 kati ya zile 10 na kuubadilisha kwa mamoja 10. Zimebaki fito 9. Hiyo ndiyo 9 tuliyokuwa tukiiulizia: makumi 10 yaliyotoka kwenye mia, moja likaenda kwenye mamoja. Mezani pana mamia 2, makumi 9 na mamoja 14, yaani 200 na 90 na 14, ambazo bado ni 304. Anaondoa mamoja 8, yanabaki 6. Anaondoa fito 5, zinabaki 4. Anaondoa bamba 1, linabaki 1. Jibu ni 146.

Kila badilisho liandikwe daftarini palepale linapofanyika. Bamba likienda kisandukuni, ile 3 inakatwa na kuandikwa 2 juu yake, na penye sufuri inaandikwa 10. Ufito ukibadilishwa, 10 inakatwa na kuwa 9, na 4 inakuwa 14. Mtoto akicheza na vitalu kwanza, akaja kuandika baadaye, anajifunza mambo mawili yasiyokutana: mezani anapata 146, daftarini bado 254.

Vitalu pia vinafichua makosa kwa namna ambayo alama ya kosa haiwezi. Chukua jibu la 156. Mtoto huyu alibadilisha mia kuwa makumi 10, akaongeza 10 kwenye mamoja, lakini akasahau kupunguza kumi moja. Mwambie apange vitalu kwa namba alizoandika juu: mamia 2, makumi 10, mamoja 14. Akihesabu anapata 314. Ataona mwenyewe kwamba zimeingia 10 ambazo hazikuwapo.

Mtoto anaweza pia kutaka kuanza na mabamba, kushoto. Mwache. Akiondoa bamba 1 anabaki na 204. Ili aondoe fito 5 anabadilisha bamba jingine, anabaki na 154. Ili aondoe mamoja 8 anabadilisha ufito, anafika 146. Jibu ni lilelile. Tunaanza kulia daftarini ili kuepuka kukata tarakimu za jibu tulizokwisha kuziandika.

Vitalu vina upungufu wao. Ufito haufunguki, na kwa mtoto ambaye bado haamini kwamba kumi ni moja mara kumi, kuubadilisha ni kama mazingaombwe. Huyo aanze na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira. Akihitaji mamoja afungue fungu kwa mkono wake, vijiti vikiwa vilevile. Akizoea, ndipo ahamie kwenye vitalu.

Na vitalu navyo vina siku ya kurudi sandukuni. Kabla ya kuviondoa, mwandikie mtoto 502 − 237 bila kumpa kitu cha kushika, kisha umwombe akueleze 9 imetoka wapi. Akikwambia kwamba mia moja iligeuka makumi 10, na kumi moja kati ya hayo likaenda kuongeza mamoja, ameelewa. Akikwambia ndivyo alivyofundishwa, vitalu virudi mezani.