Wabebaji wa ualbino wasioonekana kwa macho

Makadirio yanayotajwa mara nyingi Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya 1,400. Je, ni wangapi wenye aleli moja tu ya ualbino, ambao ngozi yao haionyeshi chochote?

Mwaka 1908 Hardy wa Uingereza na Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba jamii isipobadilika kijeni, uwiano wa aleli hubaki uleule kizazi hadi kizazi. Aleli ya kawaida tuiite p, ya ualbino q, na p + q = 1.

Anza na wenye ualbino, kwani ndio pekee unaoweza kuwahesabu kwa macho. Wamerithi q kwa baba na q kwa mama, hivyo q² = 1/1,400. Kipeuo chake cha pili ni 0.027, na p inabaki 0.973. Mbebaji aweza kuwa ameipata aleli kwa baba au kwa mama, ndiyo maana tunazidisha kwa mbili: 2pq = 0.053, karibu mtu 1 kati ya 19!

Ila hesabu hii hudhani watu huoana bila kufuata ukoo. Ndugu wa damu wakioana sana, wenye ualbino huzidi q², na q tuliyoipata huwa kubwa kuliko ilivyo kweli.