Laini ya shingoni ndiyo inayotengeneza taya

Ndevu nyingi huharibikia chini ya taya, wala si mashavuni. Mwanamume mwenye kidevu laini anakaa kitini saluni, kinyozi anamuuliza, "Bosi, laini nipitishe wapi?" naye, akitaka taya lionekane, anajibu, "Fuata mfupa, kaka." Mashine inapita juu ya mfupa wenyewe, kila unywele ulio chini yake unaondoka, na kwenye kioo kazi inaonekana safi. Tatizo ni kwamba mteja huyu hana mfupa uliochomoza kiasi cha kuibeba laini hiyo. Nyama laini iliyo kati ya taya na koo, ambayo ndevu zilikuwa zimeisitiri, sasa iko wazi, tena imechorewa mpaka mweusi juu yake. Akiinama kidogo kutazama simu, videvu vinakuwa viwili.

Tunapomsifu mtu kwa taya kali, kwa kiasi kikubwa tunakisifu kivuli. Mfupa umechomoza, mwanga unaotoka juu unaishia ukingoni mwake, na chini ya hapo panaingia giza. Kwa mwenye taya lililozama, uso unateremka hadi shingoni bila kituo. Kazi ya ndevu, basi, ni kuleta kile kivuli ambacho mfupa haukukileta, na ndiyo maana nywele za chini ya taya, ambazo wengi huziona kama takataka za kufagiwa, ndizo zenye thamani kuliko zote. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo moja zaidi: ndevu nyeusi hazipishani sana na ngozi kwa rangi. Umbo letu linajengwa na ujazo wa ndevu pamoja na ukingo wake.

Laini ya shingoni hupimwa kwa vidole. Gusa kikoromeo, kisha laza vidole viwili juu yake. Ukingo wa juu wa kidole cha pili ndio katikati ya laini. Kutoka hapo ipande taratibu kwa mkunjo mpana kila upande, ipite chini ya pembe ya taya na kuishia nyuma yake, chini ya ndewe ya sikio. Kipimo hiki kifanyike kichwa kikiwa kimenyooka, macho yakitazama mbele. Wateja wengi huinua kidevu ili kumrahisishia kinyozi, ngozi ya shingo inavutika, na kichwa kikirudi chini laini inakuwa imekaa pengine kabisa. Ukingo wenyewe usikatwe kama ukuta. Kinyozi mzuri huufifisha kwa upana wa kidole, nywele ziishe polepole kuelekea kooni, ili jicho lisipate mahali pa kunasa chini ya taya.

Juu ya laini hiyo kuna matatizo mawili ambayo watu huyachanganya. Mmoja ana pembe za taya zilizoviringana, uso wote duara. Mwingine ana kidevu kilichorudi nyuma, ambacho kwa mbele hakionekani sana lakini ukimtazama kwa ubavu utaona mdomo umetangulia na kidevu kimebaki. Wa kwanza anahitaji uzito kwenye pembe, wa pili anauhitaji mbele.

Tuchukue uso wenye yote mawili: kijana wa miaka thelathini hivi, mashavu yamejaa, kidevu kimerudi, ndevu za kipilipili, na shavuni zimeota kwa mabaka. Kwanza aziache wiki tano bila kuzichonga. Ndevu huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi au zaidi kidogo, lakini za kipilipili hujikunja, kwa hiyo zitaonekana fupi kuliko zilivyo. Siku ya kuchonga, kinyozi aanze na kitana namba moja, yaani milimita 3, kando ya masikio na sehemu ya juu ya shavu. Namba mbili, milimita 6, ishuke hadi kwenye pembe za taya. Kidevuni pasiguswe na mashine kabisa, mkasi tu upunguze zile zilizochomoza ovyo. Akitazamwa kwa mbele, chini pawe karibu na bapa, na pembe mbili za chini ziachwe na kona. Vinyozi wengi huziviringa kona hizo kwa mazoea, na hapo duara la uso linarudi lilivyokuwa.

Mbele ya kidevu ndipo kipilipili kinapotufaa. Unywele ulionyooka huanguka chini kwa uzito wake, ila wa kwetu husimama. Sentimita moja ya ndevu zilizochanwa kwenda mbele kwa chanuo, zikiwa na mafuta kidogo, inakisogeza kidevu mbele kwa namna inayoonekana kwa ubavu. Zile nywele chache zilizo chini ya mdomo wa chini zisinyolewe, kwa sababu zinajaza bonde linaloufanya mdomo uonekane umetangulia. Masharubu nayo yawe mafupi. Yakijaa juu ya kidevu kidogo yanausukuma mdomo wa juu mbele, na kidevu kinaonekana kimerudi zaidi.

Mwenye mabaka mengi shavuni asilazimishe. Aondoe mashavu, abaki na masharubu yaliyoungana na ndevu za kidevu, ila upana wake uvuke pembe za mdomo kidogo. Zikiwa nyembamba kuliko mdomo, kidevu huchongoka na mashavu huzidi kuonekana makubwa. Wengine huziba mabaka kwa piko. Inafanya kazi, lakini ikishika ngozi, uso unaonekana umepakwa rangi, na nyingi ya dawa hizo zina kemikali inayoweza kuunguza ngozi ya asiyepatana nayo. Paka kidogo nyuma ya sikio na usubiri siku mbili kabla ya kuipeleka usoni.

Laini nzuri inaweza pia kuuawa na vipele. Unywele wa kipilipili ukikatwa chini kabisa kwa wembe, ncha yake kali hujikunja na kuchoma ngozi upya, na shingo ndiyo huathirika zaidi. Ukingo uliotarajiwa kuwa safi unakuwa mstari wa uvimbe, na kwa baadhi ya watu hubaki makovu yaliyotuna. Dalili huanza siku chache baada ya kunyoa: mwasho, kisha vipele vyenye unywele ndani. Anayepata hivyo aachane na wembe shingoni, atumie mashine tu inayobakiza kama milimita moja, wala ngozi isivutwe wakati wa kunyoa.

Urefu nao una kikomo. Zikipita sentimita tatu hivi, hata za kipilipili huanza kulemewa, ncha inaelekea kifuani na ule usogeo wa mbele unapotea. Anayefuga kwa sababu ya dini, na anayefuata kipimo cha ngumi moja, hatazikata hapo, na amebakiwa na chanuo pamoja na mafuta ya kuzipa mwelekeo.

Kabla ya kumlaumu kinyozi, piga picha ya ubavu, mdomo umefungwa bila kukaza. Kidevu kikibaki nyuma sana ya mdomo wa chini hata baada ya yote haya, meno ya juu yakiwa yametangulia mbali na ya chini, tatizo liko kwenye mfupa, na wa kuulizwa ni daktari wa meno. Na kama mwenye taya la namna hiyo anakoroma kwa nguvu, na anayelala naye husikia pumzi ikikatika usiku, aende hospitali mapema: taya dogo la chini huweza kubana njia ya hewa mtu anapolala, na hilo halitibiwi saluni.