Shaba Bila Tanuri

Mwaka 1968 mgodi wa Bluebird, ulio jirani na mji mdogo wa Miami katika jimbo la Arizona, Marekani (siyo Miami ile ya ufukweni), ulianza kutoa shaba safi isiyopita tanurini hata mara moja. Mawe yake yalikuwa duni. Kampuni kubwa za wakati ule zisingehangaika kuyasaga, sembuse kuyayeyusha kwa moto.

Kutoa shaba kwa asidi hakukuwa jambo jipya. Huko Katanga, kiwanda cha Shituru mjini Likasi kilikuwa kikifanya hivyo tangu mwaka 1929: madini yanalowekwa katika asidi ya salfa, kisha shaba inavutwa kutoka majini kwa umeme. Ila umeme una masharti yake. Unataka maji yaliyojaa shaba na yenye uchafu kidogo, na maji ya namna hiyo hupatikana kwenye madini tajiri. Mawe maskini hutoa maji mepesi yaliyochanganyika na chuma na kila kitu kingine kilichokuwamo mwambani. Maji hayo zamani yalimwagwa juu ya vyuma chakavu. Chuma kikaliwa, shaba ikajitenga kama tope jekundu, na tope hilo likapelekwa tanurini vilevile. Bluebird waliongeza hatua moja katikati, ya mafuta yanayonasa shaba peke yake. Hatua hiyo ndiyo iliyoubadili uchenjuaji wa shaba.

Ili kuielewa kazi yote, inatosha kufuatilia mita moja ya mraba ya lundo la mawe.

Mawe huvunjwa hadi kuwa kokoto za sentimita moja hadi nne. Huzungushwa katika pipa kubwa pamoja na maji na asidi kali kidogo, ili vumbi lishikamane na kokoto badala ya kuziba njia za maji baadaye. Kisha hurundikwa juu ya turubai nene la plastiki lililolazwa kwenye udongo ulioshindiliwa, na chini yake hupita mabomba yenye matundu ya kukusanya maji. Lundo likiwa na kimo cha mita 6, kila mita ya mraba hubeba takriban tani 10 za mawe. Mawe yakiwa na shaba asilimia moja, hapo pana kilo 100 za shaba.

Juu ya lundo hutandazwa mipira ya matone, ile ile ya wakulima wa nyanya. Maji yenye asidi kidogo hudondoka kwa kiasi cha lita 10 kwa saa kwa kila mita ya mraba, yaani lita 240 kwa siku. Mtu aliyewahi kuona watu wakichuja magadi kwa kumwagia maji majivu kwenye chungu kilichotobolewa ameshaiona kanuni yenyewe: maji yanaingia matupu, yanatoka na kile yalichokifuata. Hapa kinachofuatwa ni malakaiti, lile jiwe la kijani kibichi ambalo mafundi wa Lubumbashi hulichonga kuwa mikufu na visanduku. Asidi huligeuza malakaiti kuwa salfati ya shaba, maji na gesi ya kaboni dioksidi, na maji yanayotoka chini huwa ya buluu.

Tuseme kila lita inayopita inaokota gramu 3 za shaba. Lita 240 zitaokota gramu 720 kwa siku. Si shaba yote inayofikiwa na asidi; nyingine imejificha ndani ya kokoto. Kwa madini mazuri ya kijani, kupata kilo 75 kati ya zile 100 ni kazi ya kuridhisha, na kwa mwendo huo itachukua kama siku 100. Kwa kweli maji hutoka mazito mwanzoni na kupungua nguvu kadiri wiki zinavyopita, ndiyo maana mgodi huwa na malundo kadhaa yenye umri tofauti na kuyachanganya maji yake.

Mambo yakienda kombo, lundo lenyewe husema. Madimbwi juu yake maana yake njia za maji zimeziba, mara nyingi kwa udongo wa mfinyanzi. Shaba ikishuka ghafla ilhali maji yanatoka kwa wingi uleule, basi maji yamejipatia mfereji wa mkato na kuacha sehemu kubwa ya mawe ikiwa kavu.

Kutoka hapo maji ya buluu huenda kukutana na mafuta. Haya ni mafuta jamii ya mafuta ya taa yaliyochanganywa na kemikali ya kundi la oksimu, ambayo kwa Bluebird ilitoka kampuni ya General Mills, ile inayojulikana zaidi kwa vyakula vya nafaka, kwa jina LIX 64. Vimiminika hivyo viwili hukorogwa pamoja kwa dakika chache, kisha huachwa vitulie katika tangi pana. Mafuta huelea juu, maji hubaki chini. Katika dakika hizo chache sehemu kubwa ya shaba imehama kutoka majini kwenda mafutani. Chuma kimebaki karibu chote.

Uhamiaji huo una bei, na bei yake ni asidi. Oksimu haipokei shaba bila kutoa kitu: kila chembe moja ya shaba inayoingia mafutani husukuma nje chembe mbili za haidrojeni, nazo majini ndizo asidi yenyewe. Kwa hesabu, kila kilo ya shaba inayohama huacha nyuma kilo 1.54 za asidi ya salfa, kiasi kile kile kilichotumika kuitoa shaba hiyo mwambani. Maji yaliyovuliwa shaba hurudi juu ya lundo yakiwa yameshapata makali upya.

Sasa mafuta yamebeba shaba, na yanapaswa kuiachia. Hapa hutumika tabia nyingine ya oksimu: hushika shaba katika asidi hafifu na huiachia katika asidi kali. Mafuta hukorogwa tena, safari hii na maji yenye asidi gramu 180 hivi kwa lita. Asidi hiyo huisukuma shaba nje na kukaa mahali pake ndani ya oksimu, na mafuta hurudi mwanzo kuvua tena. Shaba iliyoingia kama gramu 3 kwa lita, katikati ya uchafu, imetoka kama gramu 45 kwa lita katika maji safi. Hapo umeme hauna tena cha kulalamikia.

Hatua ya mafuta ndiyo yenye kero za kila siku. Vumbi laini na silika hutengeneza utando kama uji mchafu kati ya mafuta na maji, na usiponyonywa mara kwa mara hujaza tangi. Mafuta yasipotulia vizuri, matone ya maji hubebwa nayo na kupeleka chuma upande wa umeme. Tena ni mafuta yanayowaka: mgodi wa Olympic Dam nchini Australia uliunguliwa na mtambo wake wa hatua hii mwaka 1999, ukajengwa upya, ukaungua tena mwaka 2001.

Katika jengo la umeme, bamba za chuma kisichopata kutu zimening'inia ndani ya maji hayo, zikipishana na bamba za risasi. Umeme hupita kwa shinikizo la volti 2 tu, lakini kwa wingi mkubwa: ampea 300 kwa kila mita ya mraba. Shaba hujijenga juu ya chuma, na kwenye risasi maji huvunjika na kutoa oksijeni. Kila uso wa mita moja ya mraba hupokea karibu kilo 7.7 kwa siku. Baada ya siku 6 bamba huvuliwa ganda la kilo 46 kila upande, kwa gharama ya karibu uniti 1.9 za umeme kwa kilo. Bamba moja lenye nyuso mbili, kwa hiyo, hula shaba ya mita za mraba 21 za lundo letu.

Na asidi? Kila kilo ya shaba iliyoganda imeacha tena kilo 1.54 za asidi ndani ya maji, ambazo hurudi kuyakorogea mafuta.

Wanafunzi wengi huisoma mitambo hii kama vituo vitatu vya barabara moja, ilhali ni mizunguko mitatu inayogusana: wa lundo, wa mafuta, na wa umeme. Asidi inayozaliwa kwenye umeme hupitia mafutani hadi kwenye lundo. Ukijumlisha vizuri utaona shaba ya malakaiti haigharimu asidi hata kidogo. Mita yetu ya mraba ilihitaji kilo 116 kutoa zile kilo 75 za shaba, na kilo zote 116 zimerudi. Anayeinywa asidi bila kuirudisha ni jiwe jingine.

Mawe yakiwa na chokaa asilimia 2, tani zetu 10 zina kilo 200 za chokaa, nazo zitameza kilo 196 za asidi na kugeuka jasi, ambayo hubaki humo humo na kuziba lundo. Pakiwa na dolomaiti asilimia 10, asidi itakayopotea inapita kilo 1,060, karibu kilo 14 kwa kila kilo ya shaba. Shaba ya Katanga iko kwenye miamba ya dolomaiti, na hii ni sababu mojawapo ya migodi kama Tenke Fungurume na Kinsevere kusaga mawe na kuyakoroga katika matangi badala ya kuyarundika. Baada ya tangi, njia ni ile ile ya mafuta na umeme.

Katanga ina tatizo jingine, nalo ni umeme unaokatika. Bamba za risasi zikiwa kazini hufunikwa na gamba gumu la oksidi linalozilinda. Umeme ukizimika, gamba hilo hubadilika na kubanduka vipande vipande, na risasi huingia kwenye shaba. Soko la shaba ya daraja la kwanza linaruhusu risasi isiyozidi gramu 5 kwa tani, hivyo kuzimika kwa muda mfupi kunaweza kuishusha daraja shaba ya wiki nzima. Mitambo makini huwa na jenereta ya akiba ya kupitisha mkondo mdogo tu, usiotosha kuzalisha chochote cha maana ila unatosha kulishikilia gamba.

Kikomo kikubwa zaidi kiko ardhini. Mawe ya kijani hukaa juu, mahali hewa na mvua vimekuwa vikiyafanyia kazi kwa miaka mingi sana. Chini yake kuna kalkosaiti, ambayo huyeyuka polepole kwa msaada wa bakteria wanaokula chuma na salfa, na lundo lake hupulizwa hewa kutoka chini. Chini zaidi kuna kalkopairaiti, madini ya rangi ya dhahabu, ambayo asidi ikiyaanza hujivika utando na kazi ikasimama. Nchini Chile, ambako njia ya Bluebird ilienea sana, migodi mingi sasa imeufikia mwamba huo. Majengo yao ya mafuta na umeme yana nafasi ambayo malundo hayawezi tena kuijaza, na baadhi yao wanajaribu kuongeza chumvi kwenye asidi ili kuutoboa utando huo.