Seva iliyokataa, iliyonyamaza na iliyokata

Mtu yuko Pepa, juu ya nyanda za Marungu, na hifadhidata yake ya PostgreSQL iko kwenye seva ya Lubumbashi. Anapita kwa dishi la setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Anapima poti:

```
time nc -vz 203.0.113.7 5432
```

Kompyuta yake inatuma pakiti ya SYN, ombi la kufungua mawasiliano.

Ikija `Connection refused`, kuna kilichojibu, mara nyingi kwa pakiti ya RST, yaani hapana. Kwa kawaida ni seva yenyewe: iko hai, njia inapitika kwenda na kurudi, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. PostgreSQL hufanya hivi mara nyingi ikiwa ndiyo kwanza imewekwa, kwa sababu bila kubadilishwa husikiliza `localhost` tu. Kwenye seva, `ss -ltn` itaonyesha `127.0.0.1:5432`, na dawa ni kurekebisha `listen_addresses`.

Lakini tazama muda kwanza. Ombi hupanda na kushuka, jibu vilevile: kilomita kama 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa kasi ya mwanga. Ukikataliwa ndani ya sekunde 0.01, seva ya Lubumbashi haijasema kitu. Aliyekataa ni kifaa kilicho karibu nawe, mara nyingi ruta yenye kizuizi.

`Connection timed out` ni kimya. Linux hurudia SYN mara kadhaa, ikisubiri muda unaozidi kurefuka, na kwa kawaida hukata tamaa baada ya dakika mbili hivi. Huenda seva imezimwa, njia imekatika, au fayawoli inatupa pakiti bila kujibu. Jaribu poti 22 ya seva hiyohiyo: ikijibu, hata kwa kukataa, baada ya nusu sekunde au zaidi, mashine ni nzima na wa kushukiwa ni fayawoli.

`Connection reset by peer` kwa kawaida huja baada ya mlango kufunguka. Programu imekufa katikati ya kazi, au kifaa cha njiani kimesahau mawasiliano yaliyokaa kimya muda mrefu. Fungua logi ya seva ya dakika ileile. Isipoonyesha programu kuanguka, chunguza njia.

Kwenye setilaiti kuna mtego mmoja ambao ningependa kila fundi aujue. Baadhi ya modemu hujibu SYN zenyewe ili kuficha ucheleweshaji. Hapo `nc` hudai poti iko wazi kabla nusu sekunde haijapita, na seva ikikataa baadaye, wewe unaona reset badala ya refused. Pima tena kupitia VPN ya WireGuard: modemu haiwezi kusoma SYN iliyofichwa ndani yake, kwa hiyo jibu utakalopata limetoka ng'ambo.