Cheti cha ndoa kinapokwenda Marekani

Idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, haipokei cheti cha Kiswahili kikiwa peke yake. Inataka na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Aweke jina, saini, anwani na tarehe. Muhuri wa wakili si sharti.

Kwenye huo ukamilifu ndipo wengi hukwama. Chukua cheti cha ndoa ya Kiislamu: zaidi ya majina ya maharusi, kina walii, mashahidi, mahari, saini ya aliyeozesha na muhuri wa mviringo. Vyote hufasiriwa, hata maneno ya ndani ya muhuri, yakiwekwa kwenye mabano ya mraba. Pasiposomeka, andika kwamba hapasomeki; usikisie.

Jina lililoandikwa Mohamedi libaki vivyo hivyo hata kama pasipoti inasema Mohamed. Tofauti hiyo huelezwa kwa hati ya kiapo, kamwe hairekebishwi kimyakimya ndani ya tafsiri. Mwezi nao uandikwe kwa jina lake, maana 03/04/2015 kwetu ni Aprili, na Mmarekani ataisoma Machi.