Habari za mtaa ni bure, tangazo linalipiwa mara tatu

Mjini Morogoro, swali la maji yatatoka lini siku hizi haliendi redioni. Linaulizwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na jibu linafika watu wakiwa bado wanatafuta ndoo: Kihonda bado, upande wa Mazimbu yalifunguliwa usiku. Humo humo kuna tanzia, kuna kitambulisho kilichookotwa Msamvu, kuna chumba kinachopangishwa chenye luku yake, na kuna kuku wa kienyeji wa jioni. Yale yaliyoanza kama maongezi ya majirani sasa yana wauzaji, wanunuzi na bei inayojulikana, ingawa risiti bado hakuna.

Magrupu yanayoingiza pesa ni yale yaliyofungwa, ambamo maadmini pekee ndio wanaoandika. Mwenye taarifa humtumia admini faragha, naye huamua kipi kipande na saa ngapi. Habari ni bure kwa msomaji. Anayelipa ni mwenye duka, dalali, mwenye saluni, au fundi wa friji. Kwa bei anazotaja mfanyabiashara mmoja wa gesi ya kupikia, tangazo moja ni shilingi 5,000, na wiki nzima ni 15,000.

Mama huyo, ambaye aliomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa bado anawahitaji haohao maadmini, ana malalamiko ambayo wenzake wengi wanayajua ila hawajakaa kuyapigia hesabu. Alitangaza kwenye magrupu matatu kwa mpigo. Kila moja liliuzwa kwake kama grupu lililojaa, na grupu la WhatsApp likijaa lina watu 1,024. Kwa kichwa chake alikuwa amenunua macho ya watu zaidi ya elfu tatu kwa shilingi 45,000 kwa wiki.

Simu zilikuja, lakini si kama alivyotarajia. Akamwagiza kijana wake wa bodaboda amuulize kila mteja mpya swali moja, "Umetuona wapi?", na aandike jibu kwenye daftari la madeni, kurasa za nyuma. Wengi hawakutaja grupu moja. Walisema wameliona tangazo kila mahali, na wengine walisema hivyo kwa kuchoka. Ndipo alipofungua orodha ya wanachama wa grupu la kwanza, akachukua namba 100 za mwanzo, na kuzitafuta moja moja kwenye yale mengine mawili. Ilimchukua jioni mbili. Anasema namba 61 zilikuwemo kwenye magrupu yote matatu.

"Mimi nilinunua mji, wakaniuzia mtaa mmoja mara tatu," anasema. "Na ukimwambia admini, anakujibu kwamba mtu akiona tangazo mara tatu ndiyo vizuri, halisahauliki. Basi anipe bei ya mtu mmoja, si ya watatu!"

Hesabu yake ya faida ndiyo inayouma zaidi. Kwenye mtungi mdogo wa kilo sita, baada ya mafuta ya pikipiki, anasema hubakiwa na kama shilingi 2,000. Ili 45,000 irudi, anahitaji kuuza mitungi 23 kwa wiki kwa watu ambao wasingemjua bila tangazo. Wateja wake wa zamani, ambao nao wamo kwenye magrupu hayo, hawahesabiki, kwa sababu wangempigia hata asipotangaza. Anadai hakuwahi kuifikia mitungi hiyo hata wiki moja.

Mtu anaweza kuhoji kipimo chake. Namba 100 za mwanzo kwenye orodha si lazima ziwakilishe grupu zima: WhatsApp hutanguliza maadmini na watu ambao namba zao umezihifadhi, na mfanyabiashara wa mtaani amehifadhi namba za watu wa mtaa wake. Angechukua namba zilizotawanyika katikati ya orodha, huenda kurudiana kungekuwa kidogo. Hata hivyo lalamiko lenyewe lina mashiko, na chanzo chake kinaeleweka. Hadi mwaka 2022 grupu lilikuwa na kikomo cha watu 256, kisha kikapandishwa hadi 512, na mwaka huohuo hadi 1,024. Grupu lilipojaa, admini alifungua la pili, na wa kwanza kuingia la pili walikuwa ni walewale wa la kwanza, wakihofia kupitwa. Mshindani wake naye alipoanzisha la kwake, aliokota wanachama humo humo.

Maadmini wana upande wao, na haukosi ukweli. Mmoja, anayeendesha grupu upande wa Kihonda, anasema kinachomla si bando bali vocha ya kupiga simu. Tanzia ndiyo inayomtia jasho kuliko yote. Ujumbe wa msiba hubeba namba ya kupokea rambirambi, na matapeli wameshajua: wanaunakili ujumbe wa kweli, wanabadilisha namba tu, wanaurusha tena. Jina la marehemu ni sahihi, kanisa au msikiti ni sahihi, saa ya mazishi ni sahihi. Kwa hiyo yeye hapandishi tanzia mpaka ampigie mjumbe wa shina na ndugu mmoja wa familia, kila mmoja peke yake, na kuwaomba wamsomee namba hiyo tarakimu kwa tarakimu. Pakiwa na jina la usajili linalotokea mtu akijaribu kutuma pesa, hulilinganisha na lile alilotajiwa.

Umeme ni kazi ya aina nyingine. Tangazo la kukatika huja kama picha yenye orodha ya maeneo, mara nyingi kwa majina mapana ambayo mkazi hawezi kujipata humo. Admini aliyekaa mjini muda mrefu anajua nyumba zipi ziko kwenye laini ipi. Anajua kwamba upande huu wa barabara ukizimwa ule wa pili hubaki unawaka. Anaigeuza ile picha kuwa mistari minne ya maandishi: mitaa hii, kuanzia saa tatu asubuhi, hadi saa kumi na moja jioni, tarehe fulani. Tarehe ndiyo inayosahaulika na ndiyo yenye thamani, maana tangazo la umeme lisilo na tarehe huzunguka mjini kwa miezi na kuwatisha wenye majokofu ya samaki kila linaporudi. Alama ya kulitambua ni ile mishale miwili inayotokea juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Yeye akiiona hupiga simu kwanza.

Kazi yote hiyo hailipiwi na mtu. Na hawezi kuifidia kwa kuongeza matangazo, kwa sababu yakizidi manne kwa siku watu wananyamazisha grupu, na mtu aliyenyamazisha bado anahesabiwa kwenye ile 1,024 anayouziwa muuza gesi. Akiuza nafasi zote nne kila siku kwa 5,000, mwezi wa siku 30 ungempa 600,000. Anakiri nusu ya nafasi hizo hukaa wazi au huenda kwa jamaa.

Njia ya kuwatoza wasomaji imejaribiwa na imeshindikana karibu kila mahali. Shilingi 1,000 kwa mwezi haionekani kubwa, ila kumfuatilia mtu mmoja mmoja, kumkumbusha, kumtoa, kisha kumrudisha baada ya shemeji yake kuomba, ni kazi ya mtu kamili. Aliyelipa naye huisambaza habari kwa wasiolipa dakika hiyohiyo.

Serikalini hali inasimuliwa vingine. Ofisa mmoja wa ngazi ya kata, naye hakutaka kutajwa, anasema magrupu ya mitaa yaliyo chini ya wenyeviti yanafikia "kaya saba kati ya kumi", na kwamba ya binafsi yanarudia tu yale yaliyokwisha kutangazwa. Alipoulizwa takwimu hiyo imepatikanaje, alieleza kwamba walijumlisha wanachama wa magrupu yote ya kata, wakagawa kwa idadi ya kaya. Yaani baba, mama na kijana wa nyumba moja ni kaya tatu, na aliyemo kwenye magrupu mawili ni kaya mbili. Hesabu yake ina ugonjwa uleule wa muuza gesi. Tena mengi ya magrupu hayo yako wazi kwa kila mtu kuandika, na tangazo la chanjo likipanda asubuhi, kufika mchana limefunikwa na salamu, picha za maua na ubishi wa Simba na Yanga.

Ofisa huyo aligusia pia sheria, na hapo hakuna wa kumcheka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 nazo zilileta leseni: 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja ya kila mwaka. Masharti yalilegezwa baadaye, lakini swali la kama grupu la mtaa linalouza matangazo ni chombo cha habari au ni soga za majirani bado kila mtu analijibu kwa kadiri ya woga wake. Maadmini wengi wamechagua kukaa kimya na kuepuka siasa. Ndiyo maana magrupu haya yanajua kila bomba lililopasuka, na hayana neno kuhusu zabuni ya bomba hilo.

Kuna udhaifu mwingine ambao wenye biashara hawapendi kuuzungumza. Mali yote imefungwa kwenye laini moja ya simu. Tapeli akimshawishi admini amtajie ile namba ya tarakimu sita inayoingia kwa meseji, anaichukua akaunti, anawaondoa maadmini wengine, na grupu lililojengwa kwa miaka linaanza kutangaza mikopo ya uongo. Kuweka nywila ya pili ya akaunti ni kazi ya dakika moja, na wapo wasioiweka mpaka leo.

Wengine wanatazama chaneli, zilizokuja mwaka 2023. Hazina kikomo cha wafuasi, na wafuasi hawaoni namba za wenzao, jambo linalomfurahisha hasa dada anayetafuta chumba bila kusumbuliwa usiku na madalali. Lakini chaneli hailii simuni mpaka mtu mwenyewe aiwashe, na inakaa upande wake, mbali na maongezi. Kwa habari ya maji yanayofunguliwa kwa saa mbili, kuchelewa kuisoma ni sawa na kutoisoma. Huenda ikafaa kwa tanzia na nafasi za kazi. Kwa maji na umeme, maadmini waliozungumza hawana imani nayo.

Muuza gesi hakungoja. Amewaacha wawili, amebaki na mmoja, na amemwekea sharti jipya: hakuna malipo ya wiki, ila shilingi 500 kwa kila mteja mpya anayetaja neno la siri lililomo kwenye tangazo. Admini alikubali kwa mwezi mmoja. Sasa wanabishana kuhusu wateja wanaopiga simu bila kulitaja neno hilo, na daftari linakaa kwa muuza gesi.